UZI: Nisaidieni kunyoosha shairi la maziwa ya mama pekee miezi 6, la kikundi cha akina mama kituoni

Nesi wa Kliniki
Habari za jioni wadau. Alhamisi ijayo tuna kikao cha kikundi cha akina mama kwenye kituo chetu cha afya, Kanda ya Ziwa. Wanakuja kama 25, wajawazito na wenye watoto chini ya miezi sita, na safari hii tumewaalika pia mabibi kwa sababu wao ndio wenye sauti nyumbani. Nataka kishairi kifupi cha kuimba kwa kiongozi na waitikiaji, mtu aende nacho kichwani hadi nyumbani. Nimeandika hiki. Kikosoeni bila huruma:

Mama nyonyesha mtoto
Mpaka mwezi wa sita
Usimpe maji ya moto
Wala kitu kingine chochote
Maziwa yako ni dawa
Hayataki kuongezwa
Mtoto atakuwa na afya
Hospitali hatapelekwa

Shangazi Tabora
Nzuri mwanangu. Ila ya kubembeleza mtoto inatakiwa iwe ya taratibu, hii ina haraka. Ukiimba hivi mtoto hasinzii. Anza na "lala mwana lala" kisha uingize maneno yako.

Nesi wa Kliniki
Shikamoo shangazi. Si ya kumlaza mtoto, ni ya kufundishia wazazi kwenye kikao. Lakini la taratibu nimelisikia, kuna watoto watakuwa wamelala mapajani.

Malenga wa Mtwapa
Dada, nianze na mizani kwa sababu ndiyo inayobeba wimbo. Mstari wa kwanza una nane: ma-ma-nyo-nye-sha-m-to-to. Wa pili nane. Wa tatu tisa. Wa nne kumi: wa-la-ki-tu-ki-ngi-ne-cho-cho-te. Wa tano na wa sita nane nane. Wa saba kumi tena. Kundi la watu 25 likifika kwenye mstari wa kumi huku pigo ni la nane, nusu watakimbia na nusu watabaki nyuma, na kitakachomezwa ni neno la katikati. Katika mstari wako wa nne neno la katikati ni "kingine", si hasara kubwa. Balaa ni pale linalomezwa linapokuwa "usi-". Watu wakibanana kwenye "usimpe maji" kinachosikika mlangoni ni "mpe maji".

Ushauri wangu: kila mstari mizani nane, mistari minne kwa ubeti, vina vipishane, na kiitikio kimoja kisichobadilika. Nane inakaa vizuri kwenye pigo la mkono.

Jicho Kali
Malenga, mstari wa kwanza ni saba. "Mtoto" ni silabi mbili, mto-to. Usituchanganye.

Malenga wa Mtwapa
Tamka polepole, ndugu yangu. M-to-to. Hiyo "m" inasimama yenyewe na inakula pigo lake, kama katika m-ke, m-ti na m-cha-na. Inayomezwa ni ya "mbuzi" na "mwana": mbu-zi, mwa-na. Kwa hiyo "usimpe" ni nne, u-si-m-pe, na mkazo unaangukia kwenye "m".

Afisa Lishe Mstaafu
Mizani mmeishughulikia, mimi nishike ujumbe. Nesi, una mistari minne inayoweza kumdhuru mtoto, na wa hatari kuliko yote ni ule ulioonekana hauna kosa kabisa: "Mpaka mwezi wa sita".

Tuchukue mtoto aliyezaliwa tarehe 12 Machi. Mama anakwenda nyumbani anaimba "mpaka mwezi wa sita". Masikio ya kwanza yanasikia Juni, maana Kiswahili chetu cha kila siku mwezi wa sita ndio Juni. Huyo ataanza uji mtoto ana miezi mitatu. Masikio ya pili yanasikia mtoto "akiingia" mwezi wa sita, yaani tarehe 12 Agosti, alipotimiza mitano. Huyu ndiye wa kawaida zaidi. Ukimuuliza mtoto ana umri gani atakujibu "yuko mwezi wa sita" na uji umeshaiva. Masikio ya tatu ndiyo unayoyataka: tarehe 12 Septemba, miezi sita imetimia. Mstari mmoja, tarehe tatu, na mbili kati yake zimekosea.

Kwa hiyo neno la lazima ni "kutimia", na njia ya kuhesabu iwe kadi ya kliniki. Tarehe ni ileile ya kuzaliwa, mwezi ndio unaosogea mara sita. Kwenye kikao mwambie kila mama atoe kadi, ahesabu kwa vidole kuanzia mwezi unaofuata wa kuzaliwa, kisha amwambie jirani yake tarehe ya uji. Atakayekosea utamjua hapohapo.

Nesi wa Kliniki
Doh. Hiyo Juni sikuifikiria hata kidogo, na nusu ya kikundi wamejifungua Februari na Machi.

Afisa Lishe Mstaafu
Endelea nami. "Usimpe maji ya moto": ukitaja ya moto umeacha mlango wazi kwa ya baridi, ya uvuguvugu na yaliyochemshwa yakapoa. Mama atakwambia kwa moyo safi kabisa kwamba hajawahi kumpa ya moto.

"Wala kitu kingine chochote": hapa ndipo panaponitia hofu. Kwenye kikundi chako kuna mama anayeishi na VVU, hata kama hajasema. Yeye anakunywa ARV zake na mtoto anapewa dawa ya maji ya Nevirapini, wiki 6 za mwanzo, wengine hadi 12. Mama huyo anaambiwa na kliniki ampe dawa, halafu wimbo unamwambia asimpe chochote mbele ya mama mkwe. Unadhani nani atashinda? Maziwa ya mama pekee hayakatazi dawa aliyoandikiwa mtoto kituoni, wala matone ya vitamini, wala maji ya ORS akiharisha na mtoa huduma akaagiza. Kinachokatazwa ni chakula na vinywaji vingine, maji yakiwemo. Na kwa mama huyu kuchanganya maziwa yake na uji au maziwa ya ng'ombe kabla ya miezi sita kuna hatari zaidi kuliko kwa wengine, kwa hiyo wimbo umsaidie asipepesuke upande wowote.

"Hospitali hatapelekwa": umeahidi kisichoahidika. Maziwa ya mama yanapunguza kuharisha na nimonia, hayaondoi. Siku mtoto akipata homa, mama ama ataona wimbo ni uongo, ama ataona aibu kuja. Tena hospitali anatakiwa apelekwe, kuna chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Jicho Kali
Mimi nipingane kidogo hapo kwenye maji. Tatizo la maji ni vijidudu. Yakichemshwa vizuri na kikombe kikawa safi, mtoto hadhuriki. Joto la Dar mwezi wa pili mtu mzima analoa jasho, sembuse kichanga. Msiwatishe watu.

Afisa Lishe Mstaafu
Nusu ya maneno yako ni kweli, vijidudu ni sehemu kubwa ya tatizo. Lakini chukua maji safi kabisa, yachemshe, yapoze. Mtoto wa wiki tatu akinywa vijiko kadhaa tumbo linajaa kitu kisicho na chakula ndani yake, analala, na mnyonyo mmoja umepotea. Maziwa yaliyobaki kwenye titi yanauambia mwili upunguze kutengeneza. Fanya hivyo mara tatu kwa siku kwa wiki moja, na mama anaanza kusema "maziwa yangu yamepungua". Yamepungua kweli, ila yamepunguzwa. Hapo ndipo uji unapoingilia, na anayelaumiwa ni titi.

Joto nalo lina jibu. Maziwa ya mama zaidi ya sehemu nane katika kumi ni maji matupu, na yale yanayotoka mwanzo wa kunyonya ndiyo mepesi yenye kukata kiu. Siku ya joto mtoto ataomba mara nyingi zaidi, anyonye muda mfupi mfupi. Anayehitaji maji ya ziada siku hiyo ni mama.

Jicho Kali
Hilo la titi kupunguza kwa sababu halikunyonywa sikulijua. Nakubali kwa sehemu. Lakini mkiimba "maji marufuku" mabibi watanuna.

Malenga wa Mtwapa
Ndiyo maana tusiimbe marufuku. Tuseme maji yalipo, tuache kusema yasipotakiwa. Anayesikia "maji yamo" hana cha kubishania. Tazameni:

Jua kali la mchana,
Kiu hukatwa na ziwa;
Maji yamo, tena sana,
Hana haja ya kupewa.

Nane kila mstari, -na na -wa zinapishana. Kiitikio nimefikiria "Ziwa tu, miezi sita!" Zi-wa-tu-mi-e-zi-si-ta. Nane pia.

Nesi wa Kliniki
Malenga, ubeti ni mtamu lakini mimi niko Kanda ya Ziwa! Nikisimama kilomita mbili kutoka Ziwa Viktoria nikaimba kiu hukatwa na ziwa, hana haja ya kupewa, wataona nimewaruhusu wachote maji wanyweshe watoto.

Malenga wa Mtwapa
Hahaha! Sisi Pwani "ziwa" ndilo neno la heshima, "titi" mbele ya wakwe ni zito kidogo. Kwenu basi liwe titi, mizani hazibadiliki: "Titi tu, miezi sita!" Tena "titi tu" inagonga vizuri kuliko yangu. Ila ubeti wa maji utavunjika kina, kwa hiyo mstari wa pili uwe "Kiu, dawa ni maziwa". Ki-u-da-wa-ni-ma-zi-wa. Huo unafaa bara na pwani.

Shangazi Tabora
Kwetu titi halina shida yoyote. Ila wengine wanasema nyonyo.

Mhudumu wa Jamii, Kilifi
Nyonyo kwenye kikao cha kituo italeta kicheko, mtapoteza dakika tano. Mimi niongeze la vitendo. Mmesema mkono upige pigo, lakini mama mwenye mtoto mapajani ana mkono mmoja tu, na wa pili mara nyingi umeshika titi. Makofi yanabaki kwa wajawazito na mabibi, na yakipigwa kwa nguvu watoto wanaamka wote kwa pamoja, kikao kimekwisha. Tumieni mguu. Kisigino chini mara nne kwa kila mstari, pigo moja kwa mizani mbili, na wenye watoto wapapase mgongo wa mtoto kwa pigo hilohilo. Hapo ushauri wa shangazi wa taratibu unaingia.

La pili, usiwasomeshe beti zote siku moja. Fundisha kiitikio kwanza, kirudiwe mara nne hadi kila mtu akiitikie bila kutazama karatasi, maana wengine hawasomi na karatasi inawaumbua. Kisha ubeti mmoja, simama, uliza swali moja, endelea. Usiulize "mmeelewa?" maana jibu lake ni ndiyo kila siku. Uliza hivi: "Mtoto ana miezi mitano na wiki mbili, bibi ameshachemsha uji. Wimbo unasemaje?"

Nesi wa Kliniki
Hili la mguu nimelichukua. Sasa ubeti wa saa ya kwanza na dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano, nimejaribu:

Akishazaliwa mwana,
Saa moja isipite;
Hata yawe haba sana,
Ya njano usiyakate.

Malenga wa Mtwapa
Mizani zote nane, hongera. Lakini "saa moja isipite" mwenye kujifungua saa tisa usiku ataelewa asubuhi saa moja, kwamba ana muda wa kutosha. Sema "Saa nzima isipite". Na "usiyakate" ni kina kimemlazimisha mshairi kusema asichotaka. Maziwa hayakatwi, yanakamuliwa na kumwagwa. Ukipindua liwe la kutenda: "Ya njano anyonye yote".

Afisa Lishe Mstaafu
Naunga mkono, na mstari "Hata yawe haba sana" usiuguse. Siku mbili tatu za kwanza ni matone, vijiko vichache kwa siku nzima, na mama analiona titi laini anadhani hakuna kitu. Tumbo la kichanga linatosheka na hicho. Hapo ndipo watu hukimbilia maji ya sukari "wakati tunasubiri maziwa yaingie".

Wa upasuaji watauliza. Aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni yuko macho, anaweza kuanza ndani ya saa hiyo akisaidiwa kumweka mtoto. Aliyelazwa usingizi kabisa aanze mara akizinduka. Lijibu kwa mdomo, usiliwekee ubeti.

Baba Pacha
Samahani kuingilia. Mke wangu ana mapacha wa miezi miwili, anarudi kazini karibuni. Huu wimbo unamhusu vipi wakati likizo yenyewe ni siku 84? Mnamwimbia miezi sita mtu ambaye mwajiri anamtaka kabla ya mitatu.

Afisa Lishe Mstaafu
Ndugu, kwanza kwa mapacha sheria ya kazi ya Tanzania inatoa siku 100 zenye malipo, siyo 84. Aangalie barua yake ya likizo. Akirudi ana haki ya kwenda kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mengine ni kukamua, na kwa mapacha aanze mazoezi wiki mbili kabla ya siku ya kuripoti, si usiku wa kuamkia.

Baba Pacha
Asante mzee wangu, siku 100 hatukujua. Na maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa ngapi bila friji?

Mhudumu wa Jamii, Kilifi
Sisi tunafundisha saa 6 hadi 8 mahali pa ubaridi, kwenye chombo safi chenye mfuniko.

Afisa Lishe Mstaafu
Na kuna vitini vinavyosema saa 4 tu kwenye joto la chumba la nyuzi 25. Havigombani sana ukitazama neno "ubaridi". Chumba cha bati mchana wa Februari si mahali pa ubaridi. Mimi ningeshika 4 kwa Dar na Mwanza, wengine hapa watanipinga.

Mhudumu wa Jamii, Kilifi
Nakupinga kidogo. Ukimwambia saa 4 mama anayetoka saa kumi na mbili asubuhi kurudi saa kumi jioni, ataona haiwezekani na atamwachia mtoto uji. Kwenye chungu cha maji au beseni la maji baridi kivulini tunawaambia 8.

Nesi wa Kliniki
Basi saa zisiingie kwenye wimbo, nitaziongelea kulingana na nyumba ya mtu. Nimeandika ubeti wa dawa kwa maelekezo yenu:

Dawa za kliniki, sawa,
Chanjo zake asikose;
Mitishamba siyo dawa,
Na mizizi aikose.

Malenga wa Mtwapa
"Asikose" na "aikose", hapo umenipiga bao! Chanjo asikose, mizizi aikose. Herufi moja inageuza kila kitu na watu watalikumbuka kwa sababu hiyo. Lakini liimbwe wazi, kiongozi atamke "a-i-kose" kwa kuachanisha, la sivyo mabibi watasikia "asikose" mara mbili na mizizi itakuwa imebarikiwa na kituo.

"Kliniki" kwenye karatasi ni tatu, mdomoni watu wanasema ki-li-ni-ki, nne. Weka "Dawa za kituo, sawa". Da-wa-za-ki-tu-o-sa-wa.

Shangazi Tabora
"Mitishamba siyo dawa" futeni. Mtu amelelea watoto kumi na dawa ya mchango, leo unamwimbia siyo dawa mbele ya wakwe zake. Atanyanyuka na kanga yake aondoke, na mkwe atamfuata.

Afisa Lishe Mstaafu
Shangazi amesema kweli. Badala yake tajeni asali, ambayo wengi wanamlambisha mtoto siku ya kwanza wakiamini ni baraka. Asali ina vijimelea vinavyoweza kumlegeza mtoto misuli hadi ya kupumua, na chini ya mwaka mmoja haitakiwi kabisa. "Asali bado si dawa." Neno "bado" linampa bibi heshima yake: asali ni nzuri, wakati wake haujafika. Na mchango usiukwepe kwenye mazungumzo. Mtoto anayelia jioni akikunja miguu, mara nyingi wiki ya tatu hadi mwezi wa tatu, mwambie bibi kazi yake ni kumbeba wima begani na kumpapasa mgongo. Mpe bibi kazi, usimnyang'anye tu kikombe.

Jicho Kali
Mbona hamjaweka dalili ya kushiba? Kila anayempa mtoto uji mapema anasema "maziwa hayamtoshi". Wekeni nepi. Mtoto akikojoa mara sita kwa siku ameshiba. Mstari: "Akikojoa mara sita".

Malenga wa Mtwapa
Hiyo ni tisa. Na "sita" mbili kwenye wimbo mmoja, ya miezi na ya mikojo, zitagongana.

Afisa Lishe Mstaafu
Hoja ya Jicho Kali lakini ni ya msingi kuliko vyote tulivyosema leo. Kuanzia mtoto akishatimiza wiki ya kwanza, mkojo mara sita au zaidi kwa saa 24, mkojo mweupe usionuka sana, na mstari wa uzito kwenye kadi unapanda. Hivyo viwili vikiwepo maziwa yanatosha, hata alie namna gani. Mimi ningejaribu "sita na sita" kama kitendawili, huenda zikashikana badala ya kugongana.

Malenga wa Mtwapa
Huenda. Sijashawishika. Mjaribu kwenye kikao kimoja muone wanakumbuka sita ipi.

Nesi wa Kliniki
Kitendawili nitakiuliza kwa mdomo mwishoni. Hii ndiyo nakala ninayoiandika kwenye manila, kiitikio kinarudiwa mara mbili baada ya kila ubeti:

*Titi tu, miezi sita!*

Akishazaliwa mwana,
Saa nzima isipite;
Hata yawe haba sana,
Ya njano anyonye yote.

Jua kali la mchana,
Kiu, dawa ni maziwa;
Maji yamo, tena sana,
Hana haja ya kupewa.

Mpe mchana, usiku,
Mara nane na kuzidi;
Anyonyapo kila siku,
Nayo maziwa hurudi.

Dawa za kituo, sawa,
Chanjo zake asikose;
Asali bado si dawa,
Na mizizi aikose.

Hesabu tarehe yake,
Sita yote itimie;
Uji mzito upike,
Na titi liendelee.

Afisa Lishe Mstaafu
Ubeti wa tatu umenifurahisha, umeeleza sababu bila somo. Nane hadi kumi na mbili kwa saa 24, na za usiku zimo; usiku ndipo mwili unapojibu mnyonyo vizuri zaidi. Ubeti wa mwisho, "mzito" ni neno linalohitaji kuonyeshwa. Njoo na kijiko na uji wa aina mbili. Ukiinamisha kijiko, uji unaofaa unang'ang'ania, mwepesi unamwagika mara moja. Aanze na vijiko vikubwa 2 au 3 mara mbili kwa siku, na titi kama kawaida.

Baba Pacha
Nauliza tena kwa unyenyekevu, ubeti wa mama wa kazini uko wapi? Nimejaribu mwenyewe, msinicheke:

Kazini ukirejea,
Kamua, acha kikombe;
Mlezi utamwachia,
Chupani asiyalambe.

Malenga wa Mtwapa
Baba Pacha, nane nane zote nne! Sikucheki. Shida ni moja: "acha kikombe" mwingine atasikia aachane na kikombe.

Baba Pacha
"Jaza kikombe" je?

Mhudumu wa Jamii, Kilifi
Hapana kaka. Anayekamua mara ya kwanza anapata robo ya kikombe, pengine chini ya hapo. Ukimwimbia ajaze ataona titi lake bovu, na mlezi ataongezea maziwa ya ng'ombe ili kijae. Sema "Kamua kwenye kikombe".

Malenga wa Mtwapa
Ka-mu-a-kwe-nye-ki-ko-mbe. Imekaa.

Nesi wa Kliniki
Naingiza kabla ya ubeti wa mwisho. Baba Pacha, kikombe kiwe cha mdomo mpana kisicho na chuchu, mtoto akae wima nusu, mlezi akigusishe kwenye mdomo wa chini na kumwacha mtoto alambe mwenyewe, asimmiminie. Njoo naye Alhamisi kama mko karibu, tuna vikombe viwili vya kuonyeshea.